Swali la Kurudi Nyuma

Barua pepe ya kuniita kwenye usaili iliingia Jumapili asubuhi, nikiwa uani kwetu Mtoni nasugua masufuria. Niliifungua kwa kidole chenye povu, nikaisoma nimechuchumaa, nikasimama, nikakaa juu ya kinu, nikasimama tena.

Nafasi yenyewe ilikuwa ya mhandisi wa DevOps, kazi ambayo mama yangu huwaeleza majirani kuwa ni "kutazama mitambo isilale," na hajakosea sana. Usaili ungefanyika Alhamisi saa nne, Mji Mkongwe, katika kampuni inayotengeneza programu za kuweka nafasi za hoteli na za boti. Maswali, barua ilisema, yangehusu mambo matatu: paiplaini za kujenga na kujaribu programu, kontena, na namna ya kurudisha toleo la nyuma pale toleo jipya linapoharibika. Chini kabisa yaliandikwa majina ya watu wawili watakaonisaili. La kwanza lilikuwa la mama mmoja, mkuu wa wahandisi, ambaye sikumjua. La pili nililijua vizuri mno.

"Umeitwa au umekataliwa?" dada yangu aliuliza kutoka dirisha la jikoni.

"Nshaitwa."

"Sasa mbona unazunguka kama kuku anayetaka kutaga?"

Nikampelekea simu. Dada ni mkubwa wangu kwa miaka sita, ni fundi wa maabara hospitalini, na amezoea kusoma karatasi bila kubadilisha uso. Alisoma mpaka chini, akanitazama.

"Huyu si yule bwana aliyeondoka kazini kwenu?"

"Ndiye."

"Aliyeondoka kwa lile kosa lenu?"

Neno "lenu" lilikuwa langu. Miaka mitatu nyuma nilimwambia dada kuwa kazini kwetu limetokea kosa letu, na kwamba mwenzangu ndiye aliyeumia. Katika nyumba nzima yeye ndiye pekee aliyejua hata hilo, naye nilimpa nusu tu.

Siku nne zile sikutulia. Nilikuwa na daftari lenye maswali arobaini niliyoyakusanya huku na huku, nikilisoma huku natembea, kutoka kibarazani hadi kwenye tangi la maji na kurudi. Nikila nasimama. Nikisali nakosea rakaa. Mji wetu ni mdogo, na miaka mitatu nilikuwa nikimkwepa mtu huyu kwa ustadi. Siku moja Darajani nilimwona anakuja upande wangu, nikaingia duka la kanga na kuanza kushika kanga ambazo sikuwa na haja nazo, hadi mwenye duka akanishushia doti kumi na mbili. Nilinunua moja kwa aibu.

Jumanne jioni dada alinyakua daftari.

"Kaa. Nitakuuliza mimi. Usipokaa sikuulizi."

Nikakaa. Aliuliza tofauti ya kontena na mashine pepe, nikajibu: mashine pepe ina mfumo wake kamili wa uendeshaji, kuanzia kiini, kontena zinatumia kwa pamoja kiini cha mfumo wa mashine iliyozibeba, ndiyo maana ni nyepesi na huwaka upesi. Akauliza kwa nini imeji, kile kifurushi cha programu, isipewe jina la "ya karibuni" tu, nikajibu: kwa sababu jina hilo leo linaonesha kitu hiki, kesho kile, na siku ya tatizo hujui urudi kwenye ipi. Akaitikia kwa kichwa kama anayeelewa. Nadhani alielewa, maana maabarani nako hakuna chupa inayoandikwa "ya karibuni."

Kisha akafungua ukurasa uliokunjwa pembe. "Eleza mkakati wako wa kurudi nyuma toleo jipya likiharibika."

Nilianza. Kuhifadhi imeji ya nyuma kwa jina lisilobadilika. Kupeleka toleo jipya kwa wateja wachache kwanza. Kutazama makosa yanavyopanda. Kurudisha toleo la nyuma kwa amri moja. Nilipofika mwisho nilikuwa nimesimama tena, na dada alikuwa amefunga daftari.

"Mengine umejibu kama mtu. Hili umelisoma kama khutba," alisema. "Ulifanya nini wewe?"

Hapo nikamwambia nusu iliyobaki.

Ofisi ile ya zamani ilikuwa na watu saba, ghorofani, Mji Mkongwe huo huo. Mfumo wetu wa kuweka nafasi ulitumiwa na hoteli ndogo ndogo za kisiwa, kuanzia mjini hadi Jambiani na Nungwi. Bwana yule alikuwa mkubwa wangu wa kazi, na sehemu kubwa ya ninachokijua nilikipata kwake. Ndiye aliyenifundisha paiplaini: ukishatuma msimbo wako, mashine inaupokea, inaujenga, inaupitisha kwenye majaribio, inaufunga pamoja na kila unachohitaji ndani ya kifurushi tunachokiita imeji, na mwenzako akishabonyeza kuidhinisha, inaupeleka kwa wateja bila mkono wa mtu. Imeji ikiwashwa ndiyo kontena. Kontena ikifa huiombolezi, unawasha nyingine kutoka imeji ile ile. Aliyasema hayo akichora kwa chokaa kwenye mlango wa choo cha ofisi, maana ubao hatukuwa nao.

Ijumaa moja, asubuhi ikielekea adhuhuri, nilipeleka badiliko langu. Namba za simu za wageni zilikuwa zimehifadhiwa katika safu moja ya jedwali la nafasi, nami nikazihamishia jedwali jipya la wageni. Katika hatua ile ile nikaifuta safu ya zamani. Majaribio yote yakaonesha kijani. Yeye akaidhinisha. Hifadhidata ikabadilishwa, kontena mpya zikawaka, za zamani zikazimwa, kila mtu akaenda kuoga kwa ajili ya sala ya Ijumaa. Nikabaki peke yangu ofisini.

Mnamo saa sita na nusu mchana simu zikaanza. Wageni wenye namba za nje walikuwa wanakataliwa. Msimbo wangu ulikagua namba ya simu, na haukukubali inayoanza na alama ya kujumlisha. Katika majaribio niliweka namba za kwetu tu, zinazoanza na sifuri. Kisiwa kinachoishi kwa wageni wa nje, na mimi sikumkumbuka hata mmoja.

Nikafanya nilichofundishwa: nikarudisha imeji ya nyuma. Ilichukua chini ya dakika. Lakini imeji ya nyuma ilikuwa inaitafuta ile safu ya namba za simu, na safu haikuwepo tena. Kabla ya hapo mfumo uliwakataa baadhi ya wageni. Sasa ukamkataa kila mtu.

Mpokeaji wageni wa hoteli moja ya Jambiani alipiga. "Bi, nna watu saba hapa na mabegi yao. Mfumo wenu unaniletea ukurasa mweupe. Nnafanya nini?"

"Subiri kidogo."

"Wamesafiri tangu jana. Nnawaambia wasubiri nini?"

Simu ikiwa bado sikioni, nikafungua orodha ya nakala za akiba. Nakala ya mwisho ya hifadhidata ilikuwa ya alfajiri. Nikairudisha hiyo. Ukurasa mweupe ukaondoka, mfumo ukawaka, na kila nafasi iliyowekwa kuanzia alfajiri hadi mchana ule ikapotea kana kwamba watu wale hawajazaliwa.

Jumamosi mwenye kampuni alituita. Hakupiga kelele. Aliuliza, "Nani aliipitisha hii?"

Yule bwana akasema, "Mimi. Niliidhinisha mimi."

"Na kurudisha nakala ya alfajiri?"

Akanitazama mara moja, halafu akatazama meza. "Ni jukumu langu."

Mdomo nilikuwa nao. Nilikuwa nimekaa umbali wa kiti kimoja. Nikanyamaza, nikisema moyoni kwamba nitamweleza mwenye kampuni baadaye, faraghani. Baadaye ile haikufika. Mwisho wa mwezi mkataba wa yule bwana ulikwisha, haukurefushwa, akachukua kikombe chake na kofia yake ya pikipiki akaondoka. Mimi nikapewa kiti chake.

Dada alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza alisema, "Basi usiende," akanirudishia daftari, "au nenda ukaseme. Lakini kwenda ukasome khutba mbele ya mtu yule, hapana. Hilo litakuua."

Alhamisi nilitoka nyumbani mapema mno. Nilikuwa mjini saa mbili na nusu, na usaili ni saa nne. Nikaingia vichochoro vya Kiponda, nikipita mbele ya mlango wa kampuni ile kana kwamba nina safari yangu, nikizunguka kona na kurudi. Mara ya tatu, muuza vitabu vya shule aliyekuwa anapanga meza yake nje aliniita.

"Bi, umepotea?"

"Hapana, mimi ni wa hapa."

"Naam, naona. Lakini mara ya tatu hii."

Nikaona haya, nikaenda kukaa kwenye baraza la mbali zaidi, huku mguu wangu ukicheza wenyewe. Mara mbili niliandika ujumbe wa kuomba radhi kuwa nimepatwa na dharura. Mara mbili niliufuta. Saa nne kasoro dakika tano nilipanda ngazi.

Ngazi zilikuwa za mbao, wima kama za kupandia mnazi, na chumba cha juu kilikuwa na dari la boriti na meza ndefu. Yule mama alikuwa mtu wa bara, wa makamo, nywele fupi, miwani imening'inia shingoni. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba, karibu sana," akaniitikia. Yule bwana alikuwa kando yake. Alikuwa amenenepa kidogo na ndevu zimeingia mvi. Nikatoa salamu, akaijibu kamili, kwa sauti ya kawaida, akafungua kompyuta yake. Hakuonesha kuwa ananijua. Sikujua kama hiyo ilikuwa fadhila au adhabu.

Mama ndiye aliyeanza. "Paiplaini yetu inachukua dakika arobaini. Vijana wanalalamika, na wakichoka kusubiri wanajumlisha mabadiliko matano wayatume kwa pamoja. Wewe ungeanzia wapi?"

Swali la kweli hunituliza, angalau mikono. "Ningeanza kwa kupima dakika zinaishia wapi, kabla sijagusa kitu," nikasema. "Mara nyingi ni kupakua maktaba za msimbo zile zile kila safari. Hizo huhifadhiwa, zipakuliwe upya pale tu orodha yake inapobadilika. Halafu majaribio: yasiyotegemeana yaende sambamba, ya haraka yatangulie, ili kosa dogo lijulikane mapema bila kusubiri mpaka mwisho."

"Na imeji? Kuijenga tu kunakula dakika kumi na mbili."

"Naomba nione mpangilio wake."

Akanigeuzia kompyuta. Mistari ilikuwa michache. Niliona mara moja kwamba walikuwa wananakili msimbo wote ndani ya imeji kwanza, ndipo wanasakinisha maktaba. "Imeji hujengwa kwa tabaka," nikasema. "Tabaka moja likibadilika, yote yanayofuata hujengwa upya. Hapa mtu akisahihisha herufi moja, maktaba zote zinasakinishwa tena. Tangulizeni orodha ya maktaba, isakinishwe, ndipo unakiliwe msimbo."

Mama aliandika kitu. Nilimwona yule bwana akiinama kidogo. Nadhani alitabasamu, ila sikuthubutu kuangalia vizuri.

"Haya. Kontena inawaka, inazima, inawaka, inazima. Hakuna aliyeigusa. Unafanya nini?"

"Nasoma kumbukumbu za ile iliyokufa, si za hii iliyowaka sasa hivi. Halafu naangalia imetoka kwa namba gani. Ikiwa mia moja thelathini na saba, imeuliwa kwa nguvu, na mara nyingi ni kwa kuwa imepita kiwango cha memori ilichopewa. Ikiwa moja, pengine ni programu yenyewe: mpangilio umekosekana, au haiifikii hifadhidata. Na huangalia ukaguzi wa afya nao, maana kuna programu zinazochelewa kuamka, na mkaguzi hana subira, anaziua kabla hazijasimama."

"Kama mimi asubuhi," mama alisema, akacheka, nami nikacheka, na kwa muda wa pumzi moja nilisahau nilipo.

Kisha akamgeukia mwenzake. "La tatu uliza wewe."

Yule bwana alifunga kompyuta yake. Alikuwa na tabia hiyo tangu zamani, kufunga kompyuta anapotaka kusikiliza.

"Nieleze mkakati wako wa kurudi nyuma," alisema. "Toleo jipya limefika kwa wateja, limeharibika. Unarudi vipi?"

Khutba ilikuja yenyewe. Nilisikia mdomo wangu ukisema imeji ya nyuma huhifadhiwa kwa jina lisilobadilika, ukisema toleo hupelekwa kwa wachache kwanza. Alisikiliza bila kunikatiza, kama alivyozoea. Katikati ya sentensi nikakwama. Chini barabarani mtu alikuwa anapiga honi ya pikipiki kuomba njia, akapiga tena, akapita.

"Jibu hili si uongo," nikasema, "lakini si langu. Langu ni jingine. Mnaniruhusu nianze upya?"

Mama akasema, "Anza."

Nikawaeleza. Niliwaeleza safu niliyoifuta, namba zenye alama ya kujumlisha, imeji ya nyuma iliyorudi na kukuta nyumba imebomolewa chumba kimoja, na yule mpokeaji wa Jambiani na watu wake saba. Nilieleza nakala ya alfajiri, kwamba ni mimi niliyeirudisha, peke yangu, bila kumwuliza mtu. Nilimtazama mama tu. Nilijua nikigeuza shingo kidogo sauti itakatika.

"Na kazini walisemaje?" mama aliuliza.

"Mwenzangu aliyeidhinisha alibeba lawama yote. Waliuliza nani aliyerudisha nakala, akasema ni jukumu lake. Mimi nilikuwepo. Sikusema kitu. Mkataba wake haukurefushwa."

"Ulimwomba radhi?"

"Sijapata kumwomba. Nilikuwa nikimwona njiani nabadilisha njia."

"Bado yupo hapa Unguja?"

"Ni huyu hapa," nikasema.

Mama alivaa miwani yake. Alimtazama mwenzake kwa muda mrefu, si kwa hasira, bali kama mtu anayesoma mstari ambao hakuutarajia. Yule bwana alikuwa ameweka viganja viwili juu ya meza.

"Ni kweli tulifanya kazi pamoja," alisema. "Nilipaswa kukwambia nilipoona jina lake. Nilitaka asailiwe kama wengine, lakini hata hivyo nilipaswa kukwambia." Akasimama. "Alama zangu usizihesabu. Mpe wewe."

Alipita nyuma ya kiti changu. Nilisema "nisamehe," nikaisema kwa sauti ndogo mno, na sijui hata leo kama aliisikia. Mlango ukafungwa.

Nilidhani usaili umekwisha. Nikavuta mkoba wangu. Mama akaniambia, "Keti, sijamaliza. Tuseme ni Ijumaa ile, una ujuzi wa leo. Unafanya nini?"

Nikaweka mkoba chini. "Kwanza, nisingerudisha nakala. Nimekuwa nikilifikiria hili miaka mitatu. Mimi huwaambia watu data ilipotea kwa sababu nilifuta safu. Haikupotea hapo. Namba zote zilikuwepo, kwenye jedwali jipya. Ningeiongeza safu tena, nizinakili namba kurudi kutoka kule, na imeji ya nyuma ingefanya kazi. Au ningesonga mbele, nirekebishe mstari mmoja wa kukagua namba na kupeleka toleo jingine. Data ilipotea niliporudisha nakala ya alfajiri. Ilipotezwa na haraka yangu."

"Na kabla ya Ijumaa?"

"Nisingefuta na kuongeza katika hatua moja. Toleo la kwanza liongeze jedwali jipya na kuandika pande zote mbili, na namba za zamani zinakiliwe kule. Toleo la pili lisome upande mpya, huku wa zamani ukiendelea kuandikwa. Likikaa siku kadhaa bila tatizo, ndipo toleo la tatu liache kuandika upande wa zamani. Kufuta kuje mwisho kabisa, peke yake. Hivyo katika kila hatua, toleo lililotangulia bado linaweza kuishi na hifadhidata iliyopo. Msimbo unarudi nyuma kwa dakika moja. Data hairudi hivyo."

"Na ungeifanya kazi hiyo Ijumaa?"

"Hapana, hata hatua moja. Si kwa sababu ya siku. Kwa sababu nilikuwa peke yangu."

Aliandika kwa muda mrefu. Kisha akanishukuru, nikashuka ngazi nikiwa nimeshika ukuta.

Yakafuata siku kumi ambazo nyumbani kwetu wanazikumbuka kwa huruma na kwa kero. Nilipanga upya kabati la vyombo mara mbili. Nilifungua cherehani ya mama yangu kuitia mafuta, nikabakiwa na skrubu moja isiyojua kwao. Usiku nilikuwa nikiyarudia maneno yangu ya usaili, na kila mara nilikuta mahali ambapo ningeweza kusema kidogo zaidi, au kidogo pungufu. Dada aliuliza kama sasa najisikia mwepesi. Watu husema ukisema kweli unapata wepesi. Mimi nilijisikia kama mtu aliyeacha mlango wazi akaondoka, hajui nani ataingia.

Mama wa bara alipiga Jumatatu. Alisema kazi ni yangu, na miezi mitatu ya kwanza ni ya majaribio. "Sikukupa kwa sababu ulikiri," alisema, na nakumbuka sauti yake ilikuwa kavu. "Kukiri ni kwenu wawili. Nimekupa kwa sababu kati ya watu sita, watano walinieleza jinsi ya kurudisha imeji, na wewe uliniambia ni nini hakirudi."

Wiki za mwanzo yule bwana alizungumza nami kazi tu. Habari za asubuhi, tazama seva ile, majaribio haya yanayumba, hebu yaangalie. Nilifika mapema, nikaondoka nikiwa wa mwisho, na alipoingia chumbani nilinyooka kitini kama mwanafunzi. Sikujua nisimame wapi mbele yake. Alikuwa mpole, na upole wake ulinichosha kuliko ukali.

Mwezi wa pili, adhuhuri moja, tulikuwa wawili tu ofisini tukisubiri paiplaini imalize. Siku hizo ilikuwa inachukua dakika kumi na sita. Yeye alikuwa anakula muhogo wa nazi kutoka kwenye bakuli la bati.

"Siku ile ya usaili," alisema ghafla, "ulisimulia vizuri. Lakini sehemu moja ulikosea."

"Ipi?" nikauliza.

"Ulisema niliidhinisha. Kama vile niliisoma." Aliweka kijiko. "Sikuisoma. Nilikuwa nachelewa sala, nikafungua, nikaona kijani, nikabonyeza. Mistari ya kufuta safu ilikuwa mbele ya macho yangu. Mtoto wa darasa la kwanza angeiona. Nilipomwambia mwenye kampuni ni jukumu langu, sikuwa nakulinda wewe. Nilikuwa nasema kweli."

"Na nakala ya alfajiri?"

"Wewe ulikuwa na mwaka mmoja kazini. Nani alikuacha peke yako na funguo za hifadhidata, Ijumaa, katikati ya kupeleka toleo?" Akatikisa kichwa. "Tena mkataba nilikataa mimi. Walitaka kunirefushia miezi sita. Nilikuwa na aibu, nikasema nimepata kazi pengine. Sikuwa nimepata. Nilikaa nyumbani miezi mitano."

Nilidhani nikisikia neno kama hilo nitalia kwa faraja. Badala yake nilipandwa na hasira, hasira safi iliyonifikia hadi masikioni. Miaka mitatu ya kukwepa vichochoro. Miaka mitatu namwona shujaa katika kichwa changu, na mimi mwizi wa kiti chake. Nikasimama, nikaenda dirishani, nikarudi, nikaenda tena. Paa za mabati zilikuwa zinawaka jua, na paka alikuwa amelala kivulini chini ya dishi la kupokelea mawimbi.

"Ungeniambia," nikasema. "Ulikuwa na namba yangu."

"Nilikuwa nayo."

"Mimi nilikuwa nakukimbia. Wewe kilikuzuia nini?"

"Na mimi nilikuwa nakukimbia," alisema. "Siku moja pale Darajani nilikuona ukiingia duka la kanga. Nilishukuru Mungu."

Nikamgeukia. Alikuwa amekaa na bakuli lake, mtu mzima mwenye mvi, amenitolea macho kama anayesubiri kusomewa hukumu. Ulikuwapo uwezekano wa kucheka hapo, na nadhani sote wawili tuliuona, lakini sikuwa tayari.

"Nna hasira na wewe," nikamwambia.

"Haki yako."

"Na mimi nakuomba radhi vilevile. Nilinyamaza mbele yako. Hilo haliondoki kwa kuwa nawe hukuisoma."

"Naam," alisema. "Haliondoki. Nimekusamehe, lakini haliondoki."

Kwenye skrini ya ukutani hatua moja ya paiplaini ikageuka nyekundu: jaribio la malipo ya boti lilikuwa limeanguka, mara ya pili wiki ile. Akasukuma bakuli pembeni, akavuta kiti cha pili karibu na kompyuta yake, akakipangusa kwa kiganja. Nilibaki nimesimama kidogo dirishani, kisha nikaenda nikakaa, na tukaanza kusoma kumbukumbu za jaribio lile, mstari kwa mstari, kuanzia juu.